Mwanafunzi wangu anakosea dozi za watoto: mkataba wa kujifunza niuandikeje?

*Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mkufunzi wa vitendo katika chuo cha uuguzi huku Nyanda za Juu Kusini. Nina mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada aliyepangiwa wodi ya watoto kwa wiki 8, kuanzia 20 Julai hadi 11 Septemba. Wiki mbili zimepita na hali si nzuri. Mtoto mmoja aliandikiwa parasetamoli ya maji miligramu 180, chupa ikiwa ya miligramu 120 kwa mililita 5, yeye akapima mililita 1.5. Mwingine aliandikiwa jentamisini miligramu 90, ampuli ya miligramu 80 kwa mililita 2, akavuta 1.1. Mara zote muuguzi wa zamu alimkamata kabla dawa haijatolewa. Ajabu ni kwamba dozi nyingine anapatia kabisa. Tena huweka sahihi kwenye karatasi za dawa za watoto wote kabla hajaanza kuzunguka, anachelewa kufika, na akiulizwa mbele ya watu mikono inamtetemeka.*

*Mkuu wa idara ameniagiza nimwandikie mkataba wa kujifunza. Niliandika: "Awe makini zaidi katika kutoa dawa, aongeze kujiamini, aboreshe nidhamu. Muda: mwezi mmoja." Umerudishwa. Mwanafunzi naye analia, anasema tunamtafutia sababu ya kumfukuza. Niandike nini, nimsaidie kiasi gani, nimpime lini?*

*Mkufunzi wa wodi ya watoto*

---

Mwalimu, kabla ya kushika kalamu hebu zirudie zile hesabu mbili. Gawanya 180 kwa 120, unapata 1.5. Gawanya 90 kwa 80, unapata 1.125, ambayo ukiipunguza inakuwa 1.1. Hayo si makosa mawili, ni kosa moja lililojirudia: anagawanya dozi iliyoandikwa kwa nguvu ya dawa, halafu anasimama hapo. Hazidishi kwa ujazo. Hesabu kamili ya kwanza ni 180 ÷ 120 × 5 = 7.5, na ya pili ni 90 ÷ 80 × 2 = 2.25. Mtoto wa kwanza angepata sehemu moja ya tano ya dawa yake, wa pili nusu.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la ile ajabu yako. Dawa ikiwa kwenye ampuli ya mililita 1, kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu, kwa hiyo anayesahau hatua hiyo anapata jibu sahihi kama mwenzake anayeikumbuka. Vidonge navyo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo siku moja anaonekana hodari na siku ya pili anaonekana mzembe, kumbe anafanya jambo lile lile siku zote mbili. Na atakapofika kwenye seftriaksoni ndipo kosa litakuwa kubwa kuliko yote. Unga wa gramu 1 ukiyeyushwa hadi kufikia mililita 10 kamili, miligramu 600 ni mililita 6. Yeye atagawanya 600 kwa 1,000 na kuvuta 0.6, sehemu moja ya kumi. Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo hawezi kusubiri tuligundue hilo kesho.

Ndiyo maana ile "awe makini zaidi" ilirudishwa, na ilistahili kurudishwa. Mtu hawezi kuongeza umakini kwenye hatua asiyojua kwamba ipo. Angeweza kuikagua hesabu yake mara tatu na bado akapata 1.5.

Hata hivyo usinichukulie kama mpiga ramli. Mifano miwili inatosha kushuku, haitoshi kuandikia mkataba. Mpe karatasi ya maswali 10, dakika 30, chumba kitulivu, bila kikokotoo, na umwambie wazi kwamba haihesabiwi kwenye alama zake. Changanya ujazo: maswali mawili ya mililita 1, mawili ya mililita 2, matatu ya mililita 5, mawili ya unga unaoyeyushwa, na moja la kubadili gramu kuwa miligramu. Mwambie aandike njia yote, asiandike jibu peke yake. Akikosa yote yenye ujazo zaidi ya 1 na kupata ya 1, tumeshampata. Akikosa kwenye kubadili gramu, ni tatizo jingine na lina dawa nyingine. Akipata yote 10 mezani na wodini akakosa, basi hesabu anaijua, kinachomshinda ni mazingira ya wodi: anaingiliwa, anaharakishwa, au hasomi lebo hadi mwisho. Usisahau pia kumpa ampuli na kumwomba akusomee maandishi yake kwa umbali wa mkono. Herufi za ampuli ni ndogo mno, na kuna watu wameitwa wazembe miezi mingi kumbe wanahitaji miwani.

Tuseme karatasi imethibitisha tulichoshuku. Sasa andika, na uandike malengo mawili tu. Lililo nje ya mkataba halijasamehewa, lina mlango wake. Kuchelewa kuna daftari la mahudhurio na kanuni za chuo, lishughulikie huko. Ila muulize kwanza anatokea wapi na anafikaje, kwa sababu anayefika baada ya saa 1:30 ameikosa ripoti ya zamu, hajui ni mtoto gani amepimwa uzito upya, na anaingia kwenye raundi ya dawa ya saa 2:00 akiwa hajajiandaa. Kutetemeka nako usikuandike kuwa lengo. "Aongeze kujiamini" hakuna atakayeweza kulipima mkataba utakapofika mwisho tarehe 28 Agosti. Mwelekeze kwa mshauri wa wanafunzi, na atakachozungumza huko kibaki huko, kisiingie kwenye karatasi ambayo mkuu wa idara ataisoma.

Malengo yenyewe yangesomeka hivi:

> Lengo la 1. Ifikapo Ijumaa tarehe 28 Agosti, mwanafunzi atakuwa amekokotoa kwa maandishi dozi 20 mfululizo za dawa za maji na za sindano kwa watoto wa wodi hii, kabla ya kuvuta dawa, zote zikiwa sahihi na bila kudokezwa. Pia atakuwa amepata 10 kati ya 10 katika majaribio mawili ya mwisho, ya tarehe 19 na 26 Agosti.
>
> Lengo la 2. Kuanzia leo, mwanafunzi ataweka sahihi kwenye karatasi ya dawa akiwa kando ya kitanda, baada ya mtoto kumeza au kuchomwa dawa, mtoto mmoja baada ya mwingine. Dawa isiyotolewa itaandikwa sababu yake na muuguzi wa zamu ataarifiwa papo hapo.

Utaona lengo la kwanza lina tarehe na la pili linasema "kuanzia leo". Si bahati mbaya. Hesabu ni ujuzi, unahitaji muda. Kuweka sahihi mahali panapotakiwa hakuhitaji wiki nne za mazoezi, ni kanuni ya kufuata tu. Ukimpa mwezi mzima wa "kuboresha" jambo hilo utakuwa umemruhusu aendelee kulikosea kwa mwezi. Mweleze sababu, usimpe amri tupu: mama anaweza kuwa amempeleka mtoto kupiga picha, au mtoto akatapika dawa yote, na zamu ya jioni ikiona sahihi itaamini dawa imeingia. Hapo mtoto amepoteza dozi na hakuna anayejua.

Kuhusu kudai alama zote, utapata upinzani. Wenzako watasema mtihani una alama ya kufaulu, mbona huyu anatakiwa apate zote? Jibu ni kwamba mtihani unapima masomo mengi kwa pamoja, lakini hapa tunapima jambo moja, tena jepesi, ambalo likikosewa mara 2 kati ya 10 ni watoto wawili. Ila usidai hivyo tangu siku ya kwanza. Majaribio mawili ya kwanza, ya tarehe 5 na 12 Agosti, ni ya kujifunzia, rekodi alama lakini usiyatumie kumhukumu.

Neno "bila kudokezwa" lifafanue ndani ya mkataba, maana wengi hugombana hapo. Kumwuliza "una uhakika?" ni kudokeza. Kukohoa, kuinua nyusi, au kuelekeza kidole kwenye chupa ni kudokeza pia. Kumjibu swali aliloliuliza mwenyewe kabla ya kutoa jibu, mfano "uzito wa leo ni upi?", si kudokeza. Hilo ndilo muuguzi mzuri anatakiwa kufanya.

Sasa msaada. Mikataba mingi hufia hapa, kwa sentensi kama "mwanafunzi atasaidiwa na wakufunzi na wauguzi wa wodi". Msaada wa kila mtu ni msaada wa hakuna mtu. Andika nani, siku gani, saa ngapi. Kwa mfano: wewe mwenyewe, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 7:30 mchana, dakika 30, kwenye chumba cha mafunzo, na muuguzi mlezi mmoja aliyekubali kwa hiari, akiwa na msaidizi mmoja wa siku atakazokuwa mapumziko. Kabla ya kuandika jina la muuguzi huyo angalia ratiba ya zamu ya Agosti. Mkataba unaomtegemea mtu aliyeko zamu ya usiku au likizo umeshavunjika siku ya kusainiwa. Mwanafunzi naye abaki zamu ya asubuhi kwa wiki zote nne, kwa sababu jioni wauguzi huwa wachache na hakuna atakayepata nafasi ya kusimama naye.

Katika zile dakika 30 usimpe notisi nyingine. Mfundishe mazoea mawili. La kwanza ni kuisoma lebo yote kwa sauti kama sentensi moja: "miligramu 80 ndani ya mililita 2". Asiseme kamwe "hii ni ya 80". Kosa lake linaanzia hapo, kwenye kuikata lebo nusu, wala si kwenye kugawanya. La pili ni kukisia kabla ya kukokotoa. Akiwa ameambiwa miligramu 180 na chupa ina 120 kwenye mililita 5, aseme kwanza: "nataka zaidi ya 120, kwa hiyo lazima izidi mililita 5". Mwenye kukisia hivyo akipata 1.5 atashtuka mwenyewe, bila kungoja muuguzi wa zamu amshtue. Fanyieni kazi kwa ampuli na chupa tupu za wodini badala ya namba za ubaoni, na maji ya kuvuta kwa sirinji. Matone ya dripu yaache kwanza. Hujaona akiyakosea, na kumrundikia kila kitu kutamchanganya zaidi.

Wodini, msaada upungue hatua kwa hatua, na hatua hizo ziandikwe. Wiki ya kwanza, 3 hadi 9 Agosti, apewe watoto 2 tu, na akokotoe kwa sauti mkiwa pamoja. Wiki ya pili watoto 4, anakokotoa peke yake kwenye daftari, wewe au muuguzi mlezi mnakagua kabla hajavuta. Wiki ya tatu na ya nne watoto 4 hao hao kwa idadi, anakokotoa na kuvuta mwenyewe, kisha anakaguliwa sirinji ikiwa tayari. Dozi 20 mfululizo zihesabiwe kutoka tarehe 17. Watoto 4 wenye dozi moja au mbili asubuhi wanakupa dozi zipatazo 5 kwa siku, kwa hiyo siku 10 za kazi zinamtosha, na akikosea katikati bado ana nafasi ya kuanza kuhesabu upya. Daftari liwe na safu chache: tarehe, uzito, dozi iliyoandikwa, lebo kamili, hesabu, jibu, amedokezwa au la, sahihi ya mkaguzi. Jina la mtoto lisiandikwe, namba ya kitanda inatosha.

Kuna kifungu kimoja ambacho hakina wiki wala hatua: hakuna dawa inayoingia kwa mtoto kutoka mkononi mwa mwanafunzi huyu kabla muuguzi mwenye leseni hajaikagua. Ni hivyo siku ya kwanza na ni hivyo siku ya mwisho. Inchaji na wauguzi wa zamu waambiwe kifungu hiki tu, hawahitaji kujua mengine. Kosa likimfikia mtoto, linaripotiwa kwa utaratibu wa hospitali siku hiyo hiyo, utoaji wa dawa unasimama, na mnakutana kesho yake bila kungoja tarehe ya mapitio.

Tarehe za mapitio ziwe tatu, na kila moja iwe na kazi yake. Jumatatu tarehe 10 Agosti, dakika 20, wewe, mwanafunzi na muuguzi mlezi. Swali la siku hiyo ni: je, msaada ulioahidiwa umetolewa? Vipindi vitatu vilifanyika vyote? Kama viwili vilikufa kwa sababu ulikuwa na kikao, andika hivyo kwa mkono wako na mpange lini vitafidiwa. Inauma, najua. Lakini suala hili likifika kwenye rufaa, swali la kwanza mtakaloulizwa ni hilo.

Jumatatu tarehe 17 ndiyo ya uamuzi. Leteni daftari, siyo maoni. Chukua mfano kwamba jaribio la tarehe 12 amepata 9, na wodini amekokotoa dozi 22, akakosa 3. Usiishie kwenye "3 kati ya 22". Fungua kurasa hizo tatu uone lini na nini. Ukikuta zote tatu zilitokea alipoitwa na mama wa mgonjwa katikati ya hesabu, basi ujazo ameshauelewa, na zaidi ya hapo mazoezi ya mezani hayatamsaidia. Badilisha msaada, lengo liache kama lilivyo: aandae dawa kwenye meza ya pembeni, na akiingiliwa aanze hesabu upya kutoka kwenye lebo badala ya kuendelea alipoishia. Ukikuta zote tatu ni ujazo uliosahauliwa tena, ongeza vipindi viwe vitano kwa wiki na mrudishe kwenye hatua ya wiki ya pili. Katika kila mapitio mwache azungumze yeye kwanza na aandike mstari wake mwenyewe kwenye fomu kabla hujaandika wako.

Ijumaa tarehe 28 ni ya mwisho, na mkuu wa idara awepo. Nimeiweka wiki mbili kabla ya 11 Septemba kwa makusudi. Akifikia malengo yote mawili, wiki mbili zilizobaki anafanya kazi kama wenzake, anakaguliwa kama wanavyokaguliwa wote, na mkataba unafungwa kwa maandishi. Akifikia sehemu, kwa mfano dozi 14 mfululizo na majaribio yote mawili kamili, kuna nafasi ya kumwongezea hadi 9 Septemba, mara moja tu. Asipofikia, taarifa yenye daftari, majaribio na fomu za mapitio inakwenda kwenye kamati ya taaluma ya chuo. Andika hivyo hivyo kwenye mkataba. Usiandike "atafukuzwa" wala "atarudia mwaka", kwa sababu uamuzi huo si wako wala wa mkuu wa idara, ni wa kamati kwa kanuni zake, na kutishia kwa mamlaka usiyonayo kunaharibu karatasi yote.

Siku ya kumpa rasimu, Jumatatu tarehe 3, kaeni faragha, siyo kwenye meza ya wauguzi. Mwonyeshe zile hesabu mbili na umwache azigundue mwenyewe kabla hujataja neno mkataba. Anayelia kwamba anatafutiwa sababu atatulia zaidi akiona tatizo lake lina jina na lina upana wa hatua moja kuliko ukimwapia kwamba hafukuzwi. Ongeza nafasi ya maoni yake, na aruhusiwe kubeba rasimu nyumbani usiku mmoja, asaini kesho yake. Sahihi yake maana yake ameusoma, si lazima akubaliane na kila neno. Akikataa kusaini, andika tarehe, saa na jina la shahidi aliyekuwepo, na mkataba unaendelea. Nakala ziwe tatu: yake, yako, na ya jalada lake chuoni. Wodini isibaki hata moja.